Alasiri ninaruka vimelea, kwenye mtihani ninaviona hata visipokuwepo

*Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja hapa Kisumu, na kwa miaka sasa kazi yangu kubwa ni kusoma slaidi za malaria. Msimu wa mvua sina shida, slaidi zinatoka chanya moja baada ya nyingine. Ila kiangazi, karibu zote ni hasi, na mkubwa wangu anapozirudia za alasiri ananipata nimeandika "hasi" kwenye slaidi iliyokuwa na vimelea wachache. Basi nikaanza kunywa kahawa nzito saa nane mchana, na kweli ikanisaidia.*

*Juzi tukafanyiwa mtihani wa umahiri, dakika kumi kwa kila slaidi, mtahini akipitapita nyuma yetu. Usiku wake sikulala, nikanywa kahawa na chupa mbili za soda ya kuongeza nguvu ili niwe macho. Nilikuwa macho kweli! Nilisikia kila aliyekohoa. Lakini niliandika chanya kwenye slaidi mbili zilizokuwa hasi, na kwenye moja nilihesabu vimelea 145 kwa chembe nyeupe 500, halafu kwenye hesabu nikagawa kwa 200. Mimi! Hesabu ninayoifanya kila siku!*

*Mwenzangu amenipa vidonge vya propranololi, anasema vinatuliza. Kwa nini kilichonisaidia alasiri kiliniangusha kwenye mtihani? Nivimeze?*

*— Mama Slaidi, Kisumu*

Marahaba, dada yangu. Vidonge viweke pembeni kwanza, nitavirudia mwishoni, na ukiwa na pumu usivimeze hata kimoja kabla hujafika huko.

Angalia makosa yako yalivyokaa. Alasiri unaruka kilichopo. Kwenye mtihani uliona kisichokuwepo, na hesabu unayoifanya kila siku ikakuponyoka. Haya si makosa ya aina moja yaliyotokea siku mbili tofauti. Yanatoka pande mbili zinazopingana, na aina ya kosa ndiyo itakayokuambia uko upande upi. Kahawa ilikusaidia upande mmoja kwa sababu ilikusukuma kuelekea katikati. Kwenye mtihani ulikuwa tayari umepita katikati, ikakusukuma mbali zaidi.

Chukua karatasi uchore. Mstari wa chini ni kiwango cha kuwa macho, kuanzia usingizi kushoto hadi taharuki kulia. Mstari wa kusimama ni ubora wa kazi. Ukiunganisha, unapata kilima: kazi mbovu ukiwa unasinzia, nzuri katikati, mbovu tena ukiwa umepagawa. Ni herufi U iliyogeuzwa juu chini. Ila mchoro peke yake hauelezi chochote, unaonyesha tu umbo. Kinachoeleza ni kinachotokea ndani ya shina la ubongo.

Pale kwenye shina, sehemu iitwayo ponsi, kuna viini viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyoitwa lokus seruleus. Ukijumlisha pande zote mbili, seli zake ni makumi machache ya maelfu tu, katika ubongo wenye seli za neva bilioni nyingi. Lakini nyuzi za seli hizo zimetawanyika karibu ubongo wote, na huko zinamwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Usiichanganye na ile adrenalini ya tezi zilizo juu ya figo, inayokufanya moyo ukudunde na viganja vitoke jasho. Hizo mara nyingi hupanda pamoja, ila ya tezi haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Ubongo una chanzo chake, na chanzo kikuu ni hicho kiini.

Seli hizo hufanya kazi kwa namna mbili. Kwanza kuna mdundo wa chini, unaoendelea muda wote. Katika usingizi wa ndoto huzima kabisa au karibu kabisa, ukisinzia ni wa polepole, ukiwa macho na umetulia hupiga mara chache kwa sekunde, na ukiwa na hofu hupanda. Pili kuna mlipuko mfupi: kitu cha maana kikitokea mbele yako, seli nyingi hupiga kwa pamoja ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kabla hata mkono haujajibu. Mlipuko huo ndio unaouambia ubongo, "hiki, kishike."

Sasa sikiliza hili, maana linafanana na kazi yako kuliko unavyodhani. Mwaka 1999 kundi la watafiti, akiwemo Gary Aston-Jones na Jonathan Cohen, lilichapisha matokeo kutoka kwa nyani waliokuwa wakitazama skrini. Alama nyingi zilikuwa za kupuuzwa na chache zilikuwa za kujibiwa, nao walipata maji ya matunda wakijibu sawasawa. Wakati huohuo seli za lokus seruleus zilikuwa zinarekodiwa. Nyani alipofanya vizuri, mdundo wa chini ulikuwa wa kadiri na mlipuko ulikuja kwa alama sahihi peke yake. Vipindi alivyovurunda, mdundo wa chini ulikuwa umepanda, mlipuko ukawa dhaifu, naye akaanza kujibu alama za kupuuzwa. Kwa lugha ya maabara yetu, alianza kutoa chanya za uongo. Na mdundo haukuhitaji kupanda sana ili hayo yatokee.

Ni kama redio yenye mawimbi mabovu. Ukiongeza sauti kidogo unamsikia mtangazaji, ukiifungulia hadi mwisho mikwaruzo nayo inapiga kelele sawa naye. Noradrenalini ikiwa ya kadiri hukuza ishara inayostahili. Ikizidi muda wote, inakuza kila kitu, pamoja na mtu anayekohoa meza ya tatu.

Turudi kwenye slaidi zako mbili. Siwezi kujua uliona nini, lakini ninajua vinavyowadanganya watu kwenye tone nene, lile tone la damu lisilotandazwa kwenye slaidi: chembe sahani za kugandisha damu, na machicha ya rangi ya Gimsa. Kimelea lazima kiwe na nukta nyekundu ya kromatini na saitoplazimu ya buluu, vyote viwili, na vionekane katika fokasi moja. Chembe sahani ina rangi ya zambarau yenye punjepunje, bila ule mgawanyo wa nyekundu na buluu. Machicha hukaa juu ya kiwango cha seli, ukizungusha skrubu ndogo yanatokea wakati seli zinafifia. Wewe unayajua haya. Ila kuyathibitisha kunataka usimame sekunde mbili tatu juu ya kitu kimoja, na mtu ambaye mdundo wake uko juu hasimami. Macho yanarukaruka, mkono unasogeza slaidi kabla jicho halijamaliza.

Aston-Jones na Cohen mwaka 2005 walipendekeza kwamba hali hiyo ya juu haikuumbwa kwa bahati mbaya. Ubongo ukiona kazi iliyopo hailipi, au mazingira yana hatari, unaachia kazi moja na kuanza kupekua kila kona. Kwa mtu anayevuka Kondele saa mbili usiku hiyo ni neema. Kwa mtu aliye kwenye lenzi ya 100 yenye mafuta, ni balaa.

Alasiri ya kiangazi ni kinyume chake. Umekula ugali na omena, chumba kina joto, umeshasoma slaidi hasi tangu asubuhi. Kabla ya kuandika hasi unatakiwa upitie angalau fildi 100 za tone nene, yaani duara 100 za kile lenzi inachoonyesha kwa mara moja, na katika slaidi ya vimelea wachache huenda wakawepo kwenye fildi mbili tu. Mdundo uko chini, na mlipuko nao ni dhaifu. Jicho linapita juu ya kimelea, picha inafika nyuma ya ubongo, hakuna anayeamshwa. Ndiyo maana mkubwa wako anaporudia anakiona palepale ulipopita.

Hesabu yako sasa, maana naona ndiyo iliyokuuma. Vimelea 145 kwa chembe nyeupe 500: 145 mara 8,000, ile idadi ya chembe nyeupe tunayoikadiria kwa maikrolita moja ya damu, gawa kwa 500, unapata vimelea 2,320 kwa kila maikrolita. Ulipogawa kwa 200 ulipata 5,800. Mitihani hii kwa kawaida huruhusu asilimia 25 juu au chini ya jibu la kweli, kwa hiyo ulikuwa nje kwa mbali. Na tazama ulivyokosea: uliwaona vimelea, uliwahesabu, kuzidisha ulijua. Kilichopotea ni kanuni uliyoibeba kichwani, kwamba ukifika chembe 200 na vimelea hawajatimia 100 unaendelea hadi 500, na mwishoni unagawa kwa ile namba uliyofikia.

Kubeba kitu kichwani kwa dakika chache huku unafanya kingine ni kazi ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, na hapo noradrenalini ina tabia ya pekee. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake wameichunguza kwa miaka mingi, hasa kwa panya na nyani. Kuna vipokezi viitwavyo alfa-2A vinavyoinasa noradrenalini hata ikiwa ya kadiri, na hivyo huimarisha mtandao unaoshikilia taarifa. Kuna vingine, alfa-1, vinavyoinasa kwa ulegevu, havishtuki hadi iwe imemwagika nyingi. Vikishtuka, mtandao huo unalegea na usukani unashikwa na mazoea. Wewe mazoea yako ni yapi? Msimu wa mvua slaidi nyingi zina vimelea tele, unaishia 200, unagawa kwa 200. Mkono ulifanya ulichouzoeza.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwa nini kahawa ileile imefanya mambo mawili. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walifundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, wakiwapiga shoti ya umeme wakikosea. Tofauti ya mwanga ilipokuwa dhahiri, shoti kali ziliwafanya wajifunze haraka zaidi. Tofauti ilipokuwa finyu, shoti ya kati ndiyo iliyofaa na kali ikawaharibia. Kwenye semina za motisha utaonyeshwa kilima kimoja tu na kuambiwa ni sheria. Mimi siipendi sana ile slaidi ya semina. Hao walikuwa panya wachache, kilichopimwa kilikuwa kujifunza na umeme, hakuna aliyegusa noradrenalini, na jambo lenyewe la maana, kwamba kilele kinahama kulingana na ugumu wa kazi, ndilo linaloachwa. Kwa kazi nyepesi kilele kiko kulia, unaweza kuvumilia msukumo mwingi. Kwa kazi ya kutofautisha vitu vinavyofanana huku unakumbuka namba, kilele kinasogea kushoto. Kutafuta tu kama kuna chochote ni kazi ya namna ya kwanza. Kutaja aina ya kimelea na kuhesabu ni ya pili.

Basi alasiri, endelea na kahawa, lakini kikombe kimoja, mapema. Kafeini hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na inayozipunguza kasi seli za kukuamsha, zikiwemo hizi za lokus seruleus. Kwa watu wengi nusu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na ukitumia vidonge vya kupanga uzazi inaweza kukaa karibu mara mbili ya hapo. Kikombe cha saa kumi jioni kinakuibia usingizi wa saa nne usiku.

Kahawa haitatosha peke yake, kwa sababu kinachokulaza ni uchache wa vimelea. Mwombe mkubwa wako achanganye kwenye rundo la alasiri slaidi chache za zamani anazojua ni chanya, bila kukuambia ni zipi. Jicho linalojua kwamba kitu kipo humu ndani halisinzii kama linaloamini hakipo. Gawanya kazi: baada ya slaidi kadhaa inuka, paka rangi, andika rejista, toka nje upate upepo wa ziwa, kisha urudi. Dalili za kwamba umeteleza upande wa kushoto ni kurudia fildi uliyokwisha kuiona, na kusahau kugusa skrubu ya fokasi kwa muda mrefu.

Kwenye mtihani kazi ni mbili: ushushe mdundo, na ufanye kazi yenyewe iwe nyepesi ili kilele kihame kukufuata. Hii ya pili watu huisahau, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Toa kila unachoweza kichwani ukiweke nje. Tumia vihesabio viwili vya kubonyeza, cha vimelea mkono mmoja na cha chembe nyeupe mwingine. Kabla ya kuweka slaidi yoyote, andika juu ya karatasi yako: "200 ikiwa vimelea ≥ 100, la sivyo 500, gawa kwa nilipofika." Halafu acha nafasi tupu ya namba ya kugawia na uijaze pale unapoacha kuhesabu, kabla hujaanza kuzidisha. Na kwenye mazoezi chagua kwa makusudi slaidi za vimelea wachache, zile za kufika 500, hadi mkono uzizoee nazo. Fanya hivyo na saa ya dakika kumi mezani na mtu amesimama nyuma yako. Akikuudhi, vizuri, asiondoke.

Kuhusu kushusha mdundo, kuna njia moja iliyo na msingi. Mwaka 2017 watafiti waligundua katika ubongo wa panya kundi dogo la seli zinazounganisha kituo kinachoendesha upumuaji na lokus seruleus. Walipoziondoa, panya waliendelea kupumua lakini wakawa watulivu kupita kawaida. Kwa binadamu mtandao huo haujaonyeshwa kwa uwazi kiasi hicho, ila kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi hakugharimu kitu. Fanya pumzi tano au sita huku unadondosha mafuta kwenye slaidi, kabla jicho halijagusa lenzi. Ukiona umeandika chanya kwa kimelea kimoja tu, simama hapo, zungusha skrubu, utafute kromatini na saitoplazimu kwa pamoja. Ukiona unafuta jibu mara ya pili, umeshapita kilele.

Siku ya mtihani kunywa kiasi kilekile cha kahawa unachokunywa kila siku. Usizidishe, usiache kabisa pia, utaumwa kichwa. Soda zile waachie wengine. Na usiku wa kuamkia, lala. Kahawa huificha dalili ya usingizi bila kukupa usingizi wenyewe, kwa hiyo ulikaa mbele ya darubini ukiwa na uchovu ulioufunika na taharuki uliyoinunua dukani, vyote kwa pamoja.

Niseme na mipaka ya haya. Hakuna aliyepima seli zako. Kwa mtu mzima anayefanya kazi, watafiti hutumia mboni ya jicho kama kielelezo, maana hupanuka mdundo unapopanda, lakini mboni hupanuka pia mwanga ukipungua, na wewe umeinamia taa ya darubini. Tena chanya za uongo zinaweza kutoka kwa sababu nyingine rahisi: umekuwa ukikaripiwa kwa kuruka vimelea, ukaingia mtihani umeapa hutaruka tena, ukalegeza kigezo chako. Namna ya kutenganisha ni kuandika. Kwa mwezi mzima, kila slaidi inayorudiwa, andika saa, na aina ya kosa: chanya iliyorukwa, chanya ya uongo, aina isiyo sahihi, au hesabu. Kama chanya za uongo zinaongezeka hata siku tulivu za asubuhi, tatizo ni kigezo au rangi ya Gimsa isiyochujwa, si taharuki. Kama zinakuja tu ukisimamiwa, unajua.

Sasa vidonge. Propranololi huziba vipokezi vya beta. Hupunguza kudunda kwa moyo na kutetemeka kwa mikono, na wapo wanaoandikiwa kwa ajili hiyo. Lakini vipokezi nilivyokutajia vinavyovuruga ubongo wa mbele ni alfa-1, na dawa hii haivigusi, kwa hiyo mkono unaweza kutulia na bado ukagawa kwa 200. Kwa mwenye pumu inaweza kuifunga mirija ya hewa. Inashusha presha na mapigo, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini inaficha dalili za sukari kushuka. Mrudishie mwenzako. Ukiona baada ya mazoezi ya kusimamiwa moyo bado unakudunda hadi huoni vizuri kwenye lenzi, nenda kwa daktari akupime presha na mapigo, na umtajie kila unachokunywa, pamoja na zile soda.

— Mwalimu wa safu